Miaka Minne ya Matobolwa

Kampuni ndogo iliyoniajiri hapa Tabora ilipofunga ofisi, tulibaki wahandisi wawili wa programu bila kazi, mimi na mwenzangu wa meza ya pili. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yetu ilikuwa kuandika programu za kompyuta kwa ajili ya vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku. Bosi wetu, mtu mwema asiye na bahati ya wateja, alituaga kwa soda na keki. Akatuambia tusihuzunike, siku hizi mtu anakaa mtaa wa Kitete hapahapa Tabora na anaajiriwa na kampuni ya Dar es Salaam au ya ng'ambo bila kuvuka reli. Alisema kweli. Ila kabla hujaajiriwa lazima uandike wasifu unaoeleza umefanya nini na kwa zana zipi, na katika jambo hilo kila mmoja wetu alikuwa na ugonjwa wake.

Mwenzangu ni mtu wa Ulyankulu, mtoto wa familia ya Kikatoliki yenye asili ya Burundi, wakulima watupu. Alilelewa akiamini kwamba kujisifu ni dhambi ndogo inayokua haraka. Wasifu wake haukujaza ukurasa. Penye kazi alizofanya aliandika, "Tulitengeneza mfumo wa mizani," akaweka nukta. Nilimuuliza hao "tuli-" wa "tulitengeneza" ni akina nani. Akasema ni sisi, si tulikuwa wote?

Mimi ni binti wa mjini. Baba ni fundi cherehani, na waliomtangulia walikuwa wachuuzi tangu misafara ya bara ilipokuwa ikipita hapa. Kwetu sisi bidhaa isiyosifiwa huhesabiwa kuwa imeoza. Wasifu wangu ulikuwa na kurasa nne. Niliandika kwamba niliongoza timu. Timu ilikuwa mimi na yeye, na hilo la kuongozwa yeye hakuwahi kuarifiwa. Niliandika kwamba niliongeza ufanisi wa kazi kwa asilimia fulani, ambayo niliichagua kwa sababu haikuishia na sifuri na kwa hiyo ilikuwa na sura ya ukweli. Kisha nikaweka orodha ya zana zangu kwa mpangilio wa alfabeti. Kila programu niliyowahi kuigusa ilikuwemo, na nyingine nilizozipungia mkono tu. Kubernetes, kwa mfano, ambayo husimamia programu zilizotapakaa kwenye kompyuta nyingi, niliijua kupitia video moja niliyoitazama huku nikichambua maharage. Tena sikuimaliza, maharage yaliisha kwanza.

Matokeo yalikuja kama yalivyostahili. Mimi nilipigiwa simu kila wiki na mawakala wa ajira, na kila nilipokutanishwa na mhandisi wa kampuni nilianguka kabla ya robo saa. Mwenzangu hakupigiwa simu na mtu yeyote. Tulikutana mchana kwenye mgahawa karibu na stesheni, tukipeana pole. Yeye alinionea huruma mimi, jambo lililoniudhi, maana nilikuwa nimekwenda pale kumwonea huruma yeye.

Siku moja nilimtumia wasifu wangu aukague tahajia, kwa kuwa Kiingereza chake cha kuandika ni kizuri kuliko changu. Aliurudisha jioni ile, akasema amerekebisha makosa mawili. Nilimshukuru na kuutuma kama ulivyo kwa dada mmoja wa Dar es Salaam ambaye kazi yake ni kuyatafutia makampuni wafanyakazi.

Dada huyo alipiga simu nikiwa dukani kwa baba, nimeshika ncha moja ya kitambaa na baba akipima ncha ya pili. Alikuwa na sauti ya upole na haraka. Alitaka kujua nina uzoefu wa miaka mingapi kwa kila zana, akawa anasoma orodha na mimi najibu. Linux, miaka sita. Kisha akasita kidogo, kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza.

"Na Matobolwa?"

Kwa asiyekulia kwetu, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka, ili viliwe kiangazi. Si programu, na hayajawahi kuwa.

"Minne," nilisema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema hapana. Nadhani ni mazoea. Nilikuwa nimeshajibu zana saba bila kusita, na mdomo ukishashika kasi hauulizi abiria. Alinishukuru, akaandika minne, akaenda kwenye PostgreSQL. Baba alinitazama juu ya miwani, akauliza mbona watu wa Dar wananiuliza habari za matobolwa. Nikamwambia ni mambo ya kazi.

Nilifungua ule wasifu kwenye simu. Neno lilikuwemo kweli, limekaa kwa adabu kati ya Linux na PostgreSQL, mahali pake hasa kwa alfabeti. Nilimpigia mwenzangu. Mtu huyu ambaye kwa miaka mitatu ya meza ya pili sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti, alicheka mpaka akashindwa kuongea. Alipopata pumzi alieleza kwamba alitaka kunithibitishia jambo alilokuwa akilisema siku zote: orodha ile hakuna aisomaye, hata mimi mwenye wasifu siisomi. Alitegemea nitaligundua kabla ya kuutuma. Niliapa kumlipizia, na nikaahidi nafsi yangu kumwandikia dada wa Dar kusahihisha. Lakini ujumbe wake ulitangulia wangu. Wasifu ulikuwa umeshafika kwenye kampuni, na mhandisi wao mkuu angeniona kwa video kesho yake saa nne asubuhi.

Nilijifariji kwamba yule mhandisi naye hatasoma. Alisoma. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi za masharubu, na mbele yake alikuwa ameweka karatasi zangu zilizochapishwa, zimejaa alama za kalamu nyekundu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya mkoani kwetu, na matumaini yangu yakaisha. Aliuliza kwanza juu ya Kubernetes. Niliishiwa maneno haraka kuliko maharage. Aliuliza ile asilimia ya ufanisi ni ya kitu gani, ilipimwa lini, na kabla yake hali ilikuwaje. Nikasema nitahitaji kuangalia kumbukumbu zangu. Akaweka alama. Halafu akageuza ukurasa.

"Dada, hapa kuna Matobolwa. Umeandikiwa miaka minne."

"Ndiyo."

"Unayaweka kwenye seva yakiwa yameanikwa tayari, au seva ndiyo inayaanika?"

Akaendelea kwa uso usiocheka kwamba yeye ni mtoto wa Bukene, mama yake alikuwa na uzoefu wa miaka zaidi ya hamsini katika teknolojia hiyo, na hakujua kama imefika mbali hivi. Hapo niliona hakuna pa kukimbilia. Nilimwambia yote, tangu mwenzangu na mzaha wake hadi mimi na mdomo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, lakini hakuniachia.

"Huyo rafiki yako kakutania mara moja," alisema. "Wewe mwenyewe umenitania mara nyingi humu ndani. Sasa tufute. Kila zana usiyoweza kuizungumzia dakika tano, nikikuuliza kwa nini uliichagua na ilikusumbua wapi, iondoe."

Tulifuta pamoja, mimi nikitaja na yeye akikata. Mwishoni vilibaki vitu vitano: Python, Linux, PostgreSQL, SQLite na Git. Nilijiona uchi. Akaniuliza basi katika hivyo vitano nimefanya nini ambacho bado nakikumbuka. Kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza tena, nikamsimulia habari ya kituo cha tumbaku cha Usoke.

Tulikuwa tumetengeneza programu inayosoma uzito wa robota la tumbaku moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya kidijitali, kupitia waya ulioingia kwenye laptopu ya karani. Lengo lilikuwa karani asiandike uzito kwa mkono na kukosea. Pale Usoke mtandao hukatika unavyotaka, kwa hiyo tulihifadhi kila pimo kwanza ndani ya laptopu ile, kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, na mtandao ukirudi programu ilituma mapimo kwenye seva yetu ya Tabora iliyokuwa na hifadhidata kubwa ya PostgreSQL. Ilifanya kazi vizuri hadi siku mkulima mmoja alipoonekana ana marobota mara mbili ya aliyoyaleta. Mkulima hakulalamika. Karani ndiye aliyelalamika. Nilikesha na tatizo hilo siku tatu nikiilaumu mizani, nikaulaumu waya, nikamlaumu na karani. Kumbe laptopu ilituma pimo, seva ikalipokea, halafu mtandao ukakatika kabla ya jibu la "nimepokea" kurudi. Laptopu, ikidhani halikufika, ikatuma tena, na seva ikaandika kama pimo jipya. Dawa yake ilikuwa kila pimo kupewa namba yake ya pekee palepale kwenye laptopu, linapozaliwa, na seva kukataa kuiandika namba ileile mara ya pili. Wazo la namba lilikuwa la mwenzangu. Kuisaka sababu na kuandika msimbo wa marekebisho ilikuwa kazi yangu.

Mhandisi wa Bukene aliweka kalamu chini. Aliuliza maswali mengi: je, marudio yaliyokuwa yameshaandikwa tuliyasafishaje, je, tulijaribu kwa kukata mtandao makusudi. Nilijibu, na pale nilipokuwa sijui nikasema sijui, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kutunga tena. Mwishowe akatafuta ndani ya zile kurasa nne.

"Habari hii ya Usoke mbona haimo?"

Nilitazama. Ilikuwemo kwa maneno haya: nilitumia teknolojia za kisasa kubuni suluhisho bora la ukusanyaji wa takwimu.

Kazi sikupata, na alinieleza hivyo kwa heshima kabla ya kukata. Nilibaki nimekaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta nikiwa na aibu na, ajabu, nikiwa na furaha kidogo, maana kwa mara ya kwanza mhandisi alikuwa amenisikiliza kwa dakika ishirini.

Kilichobaki ni kumwomba radhi yule dada wa Dar. Nilimpigia siku hiyohiyo na kumweleza matobolwa ni nini. Nilidhani atakata simu. Kisha akaniambia, polepole, kwamba alikuwa ameshaliongeza neno hilo kwenye fomu anayowauliza waombaji wengine, akidhani ni zana mpya iliyompita.

"Na vijana wawili wamesema wanaijua vizuri," alisema.

Tulicheka wote wawili mpaka nikaogopa salio langu litaisha. Alikuwa na haki ya kunikasirikia na hakukasirika. Badala yake alinieleza kazi yake, ambayo sikuwahi kuiuliza. Alisema yeye si mhandisi na hajifanyi kuwa. Kampuni humpa karatasi yenye majina ya zana na aina ya kazi, naye hupitia rundo la wasifu akitafuta anayefanana na karatasi ile. Hana muda wa kukisia. Wasifu wa namna ya mwenzangu humshinda kwa sababu haumpi chochote cha kushika: mfumo wa mizani wa nani, ulitumiwa na nani, kwa zana gani, mwandishi alifanya sehemu ipi. Wa namna yangu humpa vingi mno, akapeleka mtu, mtu akaanguka, na kampuni ikamlaumu yeye. Aliniomba mambo mawili. Mistari ya mwanzo ya kila mradi iandikwe ili yeye aweze kuisimulia kwa simu bila kukosea, na majina ya zana yaandikwe kama yanavyoandikwa kwenye matangazo ya kazi. Chini yake niandike ninachotaka kwa ajili ya wahandisi.

Kesho yake nilimkuta mwenzangu mgahawani na nikamtolea hukumu. Kwa kosa la matobolwa, ataandika wasifu wangu, na mimi nitaandika wake. Alipinga, akasema mimi nitamtia kiburi. Nikamjibu kwamba yeye atanitia ufukara, na tutakutana katikati. Tulimwomba bosi wetu wa zamani ruhusa ya kuueleza ule mfumo, akatupa, mradi tusitaje majina ya vyama wala kuonyesha takwimu za wakulima.

Ilikuwa wiki ya ugomvi. Nilimwandikia kwamba alibuni njia ya kuzuia mapimo kujirudia; akafuta "alibuni", akasema watu duniani walikuwa wakitumia njia hiyo kabla hajazaliwa. Tukakubaliana kwenye "alipendekeza na kueleza kwa nini". Yeye aliifuta asilimia yangu bila huruma. Nilipolia kwamba sasa sina tokeo la kuonyesha, aliniuliza nini kilibadilika pale Usoke ambacho macho yaliona. Nikakumbuka kwamba karani aliacha kulinganisha madaftari mawili ya uzito kila siku ya soko ili kusaka makosa. Tukaandika hivyo. "Niliongoza timu" ikawa "nilifanya kazi na mhandisi mwenzangu mmoja, mimi nilishika upande wa laptopu na utumaji, yeye upande wa seva." Zana tulizitoa kwenye orodha ndefu na kuziweka ndani ya mradi zilimotumika, kila moja na kazi yake. Tuliongeza hata mstari wa kile ambacho hatukukifanya: mfumo haukuwahi kujaribiwa kwa vituo vingi kwa wakati mmoja. Niliona mstari huo ni kujichimbia kaburi. Yeye alisema mhandisi yeyote atauliza, bora akute jibu.

Kwa ile mistari ya mwanzo tulihitaji msomaji asiye mhandisi, nami nilikuwa naye bure. Nilikwenda dukani, nikamsomea baba kwa Kiswahili: binti yako ametengeneza mfumo wa mizani ya tumbaku. Baba akafurahi sana, akasema amenielewa. Siku ya pili yake alinipigia niende haraka. Nilimkuta na muuza nyama wa mtaa wa nyuma, na juu ya meza ya kukatia vitambaa palikuwa na mizani ya buchani iliyovunjika sindano. Baba alikuwa amewatangazia wateja wake kwamba bintiye anatengeneza mizani. Kiswahili kilikuwa kimenisaliti, kwani anayeunda na anayekarabati wote wanatengeneza. Muuza nyama alinisubiri kwa matumaini. Nilimweleza kwamba mimi huandika programu inayochukua uzito kutoka kwenye mizani na kuuhifadhi kwenye kompyuta ili karani asikosee kuuandika. Akanisikiliza, akabeba mizani yake, akamwambia baba, "Kumbe anaandika namba, hatengenezi." Sentensi ile niliyomwambia ndiyo tuliyoipeleka kwenye Kiingereza, neno kwa neno karibu, na ndiyo iliyokaa juu.

Kwa wahandisi tulitengeneza pia mfano mdogo wa mradi na kuuweka mtandaoni, wenye mizani ya kuigiza na wakulima wa kubuni, pamoja na maelezo ya namna ya kuuendesha. Nilihakikisha unafanya kazi. Mwenzangu akaomba tuujaribu kwenye laptopu ya mwenye mgahawa, ambayo haijawahi kuona kazi yetu. Tulifuata maelezo yangu hatua kwa hatua na ikagoma hatua ya tatu, kwa kuwa nilikuwa nimeiandikia programu itafute faili ndani ya folda yenye jina langu, folda ambayo ipo kwenye mashine moja tu duniani. Mwenzangu alikunywa chai yake taratibu sana, na hilo lilikuwa baya kuliko kunicheka.

Kila mmoja akatuma wasifu wake. Mwenzangu alipigiwa simu ya kazi kwa mara ya kwanza maishani mwake na yule dada wa Dar, akanipigia mimi kuniuliza aseme nini. Nikamwambia aseme yaliyoandikwa, kwa kuwa ni ya kweli, aliniapisha kwa kila mstari. Alipelekwa kwenye kampuni ileile ya mhandisi wa Bukene na akachukuliwa. Nilimpongeza, na kwa saa nzima sikumpenda. Aliniambia mhandisi yule alipofika kwenye aya ya Usoke alitabasamu na kusema habari hii ameshaisikia kwa upande wa pili, na pande mbili zimelingana.

Mimi nilisubiri miezi miwili zaidi. Kampuni iliyonichukua hushughulika na vipimo vya maji, na vituo vyake vingi viko mahali ambapo mtandao una tabia za Usoke. Usaili wangu mzima ulikuwa juu ya aya moja. Mhandisi mwanamke aliyenisaili alisema walishaumwa na ugonjwa huohuo wa mapimo kujirudia, na alitaka kujua nilivyougundua. Hakuniuliza nina miaka mingapi ya kitu chochote.

Wiki niliyoanza kazi, mwenzangu alipiga simu kutoka Ulyankulu, alikokuwa likizo. Alisema dada yake ni muuguzi, anaomba kazi mahali pengine, na angependa tumsaidie wasifu. Nilimuuliza dada huyo anafanya nini hasa. Akaanza kusema kwamba anawajibika kutoa huduma bora za afya kwa jamii. Nilimkatiza, nikamwambia ampe dada yake simu, anieleze mwenyewe jana alifanya nini tangu alipoingia zamu.